Rekodi ipi ya Bayi ilikuwa kali zaidi?

Swali: Hapa kijiweni Kariakoo tunabishana. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.2 Christchurch mwaka 1974, na maili kwa 3:51.0 Kingston mwaka 1975. Zote zilikuwa rekodi za dunia. Ipi kali zaidi?

Jibu: Ile ya Christchurch. Maili ni mita 1609.344, ukigawa kwa 1500 unapata 1.073. Hiyo haitoshi, maana inachukulia kwamba mkimbiaji hapungui kasi katika zile mita 109 za ziada. Kwa hiyo huzidishwa kwa 1.08.

Geuza kwanza muda uwe sekunde, kwani wengi huandika 3.322 kwenye kikokotoo na kupotea hapo hapo. Sekunde 212.2 mara 1.08 ni 229.2, yaani maili ya 3:49.2. Kingston ilikuwa nyuma kwa karibu sekunde mbili. Agosti 1975 John Walker, aliyekuwa wa pili nyuma ya Bayi kule Christchurch, alikimbia maili kwa 3:49.4, karibu sawa na hiyo 3:49.2. Ndiyo maana naziheshimu sana mbio zile za Christchurch, ambazo Bayi aliziongoza tangu mwanzo.

Ila 1.08 ni makadirio. Tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde, msiitumie kumaliza ubishi.