Kumtambua Kuku wa Nyama na Kuku wa Kienyeji kwa Kutazama Picha

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuku wa kienyeji hushinda migombani akiparua majani makavu, akitafuta mchwa, minyoo na punje zilizoanguka. Kuku wa nyama, ambaye wengi humwita broila, hushinda bandani mbele ya chombo cha chakula. Mnunuzi anayetaka kuku wa kienyeji mara nyingi hutakiwa kulipa zaidi, na siku hizi huonyeshwa picha kwenye simu kabla ya kutoa fedha. Swali la somo hili ni hili: picha ya nyama iliyokwisha kukatwa inaweza kuthibitisha nini, na haiwezi kuthibitisha nini?

Umri na mwendo wa kukua

Tofauti kubwa kati ya kuku hawa wawili ni muda. Broila aliyelishwa vizuri hufikia uzito wa kilo 2 hivi akiwa na umri wa majuma 5 au 6. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi 6 au zaidi ili afikie kilo moja na kitu. Kwa hiyo broila anapochinjwa ni kifaranga mwenye mwili mkubwa: misuli yake imejaa, lakini mifupa yake haijakomaa. Karibu kila alama inayoonekana katika picha hutokana na jambo hilo.

Alama ya kwanza ni kidari. Broila amechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ili awe na kidari kikubwa. Akilazwa chali, nyama ya kidari huinuka pande zote mbili na kuufunika mfupa wa katikati. Kidari cha kuku wa kienyeji ni chembamba, na ukingo wa mfupa huo huonekana kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa. Aidha, juu ya nyama ya kidari cha broila aliyekua haraka sana huweza kuonekana mistari myembamba myeupe inayofuata nyuzi za msuli. Hiyo ni mafuta na tishu ngumu zilizochukua nafasi ya nyuzi zilizoharibika.

Alama ya pili ni ncha za mifupa. Kwa ndege mchanga, ncha hizo bado ni gegedu, nazo huonekana nene, laini, zenye weupe unaoelekea ubuluu. Kwa ndege aliyekomaa, gegedu lililobaki ni utando mwembamba tu juu ya mfupa mgumu. Mifupa ya broila ina vinyweleo vingi. Nyama ikigandishwa kisha ikapikwa, rangi ya uboho hupenya na kuitia weusi nyama iliyo karibu na mfupa. Mlaji hudhani nyama imeoza au haikuiva, kumbe ni dalili ya uchanga wa mfupa.

Alama ya tatu ni rangi ya nyama ya miguu. Misuli inayofanya kazi kwa muda mrefu huwa na mioglobini nyingi, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni, na mioglobini huongezeka kadiri ndege anavyozeeka. Ndiyo sababu mapaja ya kuku wa kienyeji ni mekundu zaidi.

Unjano wa ngozi, ambao wengi huutegemea, ni shahidi dhaifu. Unjano hutegemea urithi na chakula: broila aliyelishwa mahindi ya njano huweza kuwa wa njano, na kuku wa kienyeji huweza kuwa mweupe.

Kuvitaja vipande

Vipande hutambulikana kwa mifupa yake. Paja la juu lina mfupa mmoja tu, mnene, nao hukatwa kwenye maungio pande zote mbili. Muundi, yaani sehemu iliyo chini ya goti, una mifupa miwili: mmoja mnene na mwingine mwembamba kama sindano, usiofika mwisho. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Kiungo kinachopinda nyuma, mahali nyama inapokwisha na magamba yanapoanza, si goti bali ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko kati ya paja la juu na muundi.

Kipapatio kina sehemu tatu: ya kwanza ina mfupa mmoja, ya kati ina miwili inayolingana kwa urefu, na ya mwisho ni ncha isiyo na nyama. Hivyo muundi na sehemu ya kati ya kipapatio, ingawa zote zina mifupa miwili, hazichanganywi. Mgongo hujulikana kwa pingili zilizoungana na mbavu zilizokatwa, nao una nyama kidogo.

Mfano

Ichukuliwe kwamba mnunuzi wa Kayanga ameletewa picha ya sinia la nyama mbichi. Muuzaji anasema ni kuku wawili wa kienyeji. Mwanafunzi aanze kwa kuhesabu. Anaona vidari 2, mapaja ya juu 3, miundi 5 na vipapatio 4. Kuku wawili wana miundi 4 tu. Basi nyama hiyo imetoka kwa kuku watatu au zaidi. Hesabu hiyo haihitaji ujuzi wowote wa rangi.

Kisha ailinganishe miundi. Mitatu ni mirefu, myembamba, mekundu, na ncha za mifupa yake ni ngumu. Miwili ni mifupi, minene, myeupe, yenye gegedu nene. Vidari vyote viwili ni vipana na vina mistari myeupe. Hitimisho: vidari na miundi miwili mifupi vina alama za broila. Miundi mitatu mirefu imetoka kwa ndege waliokomaa, wasiopungua wawili, na vidari vya ndege hao havimo siniani.

Je, hao waliokomaa ni wa kienyeji? Hapa mwanafunzi hana budi kusimama. Kuku wa mayai wa kisasa aliyekwisha kutaga, anayeuzwa akiwa na umri wa zaidi ya mwaka, ana mifupa migumu na kidari chembamba vilevile. Chotara kama kuroila na saso nao huwa katikati. Vidoa vyeusi vya mizizi ya manyoya huonyesha kwamba ndege hakuwa na manyoya meupe. Kipi kirefu mguuni huonyesha kwamba alikuwa jogoo wa umri mkubwa. Hakuna kati ya hivyo kinachoonyesha kwamba aliishi migombani. Picha husema juu ya umri na mwendo wa kukua. Haisemi juu ya makazi.

Tahadhari juu ya picha

Mwavuli mwekundu wa sokoni huifanya nyama yoyote ionekane nyekundu, na taa ya njano huipa ngozi yoyote unjano. Kitazamwe kwanza kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kama karatasi au sahani. Kikionekana chekundu, rangi ya nyama isitumike kama ushahidi. Tena, kipande kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo ulinganishwe urefu wa kipande na unene wake chenyewe, si ukubwa wa kipande kimoja na kingine.

Maswali

1. Picha inaonyesha mapaja ya juu 7 na vipapatio 4. Ni kuku wangapi kwa uchache?
2. Kwa nini gegedu nene ni ushahidi bora kuliko ngozi ya njano?
3. Kuku mzima aliyechinjwa ana kidari chembamba na mifupa migumu. Taja aina mbili za kuku anazoweza kuwa, na ueleze ni jambo gani mnunuzi angemwuliza muuzaji ili kuzitenganisha.