Umerudisha mzigo kwa saplaya? Nyoosha deni, VAT na stoki kabla ya kutuma pesa

Wateja wetu wenye maduka hutuuliza hivi: "Nilirudisha bidhaa mbovu, sasa nimlipe saplaya ngapi?" Wengi hukisia, na makosa huonekana baadaye, wakati wa kujaza ritani ya VAT. Hebu tupitie mfano mmoja hatua kwa hatua.

Tuseme una hardware na umesajiliwa kulipa VAT. Mwezi wa Machi ulinunua ndoo 40 za rangi, kila moja shilingi 2,500 kabla ya kodi. Invoisi ya eTIMS inasema hivi: bidhaa 100,000, VAT ya asilimia 16 ni 16,000, jumla 116,000. Ulituma 60,000 kwa simu siku ya mzigo, kwa hivyo deni likabaki 56,000. Wiki tatu baadaye, mwezi wa Aprili, unagundua ndoo 6 zinavuja.

1. Andika hati ya debiti

Hii ni karatasi yako wewe mnunuzi, ya kumwambia saplaya: "Nimekurudishia mzigo huu, punguza deni langu." Weka tarehe, PIN zenu wote wawili, namba ya invoisi ya kwanza, idadi, sababu na hesabu:

- Ndoo 6 × 2,500 = 15,000
- VAT 16% = 2,400
- Jumla = 17,400

Dereva wa saplaya akichukua zile ndoo, atie sahihi kwenye nakala yako. Bila sahihi, kesho unaweza kuambiwa zilifika 4.

2. Punguza deni pamoja na kodi yake

Wengi hutoa 15,000 pekee na kusahau ile 2,400. Ukifanya hivyo, umelipa kodi ya bidhaa ambazo huna. Deni sahihi ni 56,000 kutoa 17,400, yaani 38,600. Hiyo ndiyo unayotuma.

3. Dai hati ya krediti kutoka kwa saplaya

Hapa ndipo watu hukwama. Hati yako ya debiti haibadilishi kitu kwa KRA. Anayepunguza kodi ni saplaya, kwa kutoa hati ya krediti kwenye eTIMS inayotaja invoisi ile ya kwanza. Sheria inampa miezi 6 tangu tarehe ya invoisi, kwa hivyo usingoje mpaka mwisho wa mwaka. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono, au maneno ya "tutakufidia mzigo ujao", hayatoshi.

4. Rekebisha VAT ya manunuzi

Ulishadai 16,000 kwenye ritani ya Machi, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Aprili. Huna haja ya kuibadilisha. Hati ya krediti ikikufikia Aprili, unapunguza 2,400 kwenye ritani ya Aprili, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Mei. Usipopunguza, saplaya ameshapunguza upande wake na wewe bado unadai yote. KRA ikilinganisha rekodi zenu, tofauti itaonekana, na utadaiwa ile kodi na faini juu yake.

5. Toa ndoo kwenye stoki

Stoki inashuka kutoka 40 hadi 34 kwa bei isiyo na VAT, yaani 15,000 inatoka. Kwenye daftari inakaa hivi:

- Deni la saplaya linapungua: 17,400
- Stoki inapungua: 15,000
- VAT ya manunuzi inapungua: 2,400

Kama ndoo mbovu bado ziko dukani zikingoja gari, ziweke kando na uziandikie "za kurudishwa". Zikichanganyika na nzima, mfanyakazi atauza moja na hesabu yote itaharibika.

Je, kama ulikuwa umemaliza kulipa?

Basi saplaya atakurudishia 17,400. Ikiingia kwenye Till yako, kwenye taarifa ya mwezi itaonekana kama pesa ya mteja tu. Iandike siku hiyo hiyo: "marejesho, rangi ndoo 6", pamoja na namba ya muamala. Ukiisahau, utaihesabu kama mauzo: utailipia VAT ya 2,400, na 2,400 nyingine ishapunguzwa kwenye manunuzi. Kodi moja, umeilipa mara mbili. Ni rahisi zaidi kumwomba atume kwa namba nyingine ambayo huitumii kwa mauzo.

Na kama hujasajiliwa VAT?

Hukudai kodi yoyote, kwa hivyo hatua ya 4 haikuhusu. Kwako ndoo moja iligharimu 2,900 na kodi ndani. Toa 6 × 2,900 = 17,400 kwenye stoki, na 17,400 hiyo hiyo kwenye deni.

Kabla ya kubonyeza "Tuma", weka karatasi tatu mezani: invoisi, hati yako ya debiti na hati ya krediti ya saplaya. Zile hati mbili zikisoma 17,400 na namba ya invoisi ni moja kwa zote, tuma ile 38,600.