Nyota zetu za Kijapani zinagongana?

Swali: Mimi nilizaliwa 20 Januari 1996, mchumba wangu 15 Juni 1990. Hesabu ya nyota tisa inasema tunaafikiana. Niamini? – Msomaji, Umoja

Jibu: Nadhani ulihesabu kwa 1996, ukapata nyota 4, mti, ambao hulishwa na maji ya nyota ya mchumba wako, 1. Lakini mwaka wa mfumo huu huanza karibu na 4 Februari, hivyo wewe ni wa 1995. Jumlisha tarakimu: 24, kisha 6, toa kwenye 11, unabaki na 5, udongo. Udongo huzuia maji, na hukumu inageuka. Hata hivyo, nyota za mwezi, zinazohusishwa na hisia, ni 9 kwako, moto, na 4 kwake, mti unaouwasha. Hapo mnapatana.

Utaambiwa kwamba wataalamu husawazisha majibu hayo mawili. Sawa, ila kanuni inayoweza kusema ndiyo na hapana kwa wapenzi walewale haiwezi kukanushwa. Tena nyota kuu yako ni ya wenzako wengi wa darasani, kuanzia Kayole hadi Buruburu, na ndoa zao hazifanani. Itumieni kuanzisha mazungumzo, si kuvunja uchumba.