Mwenye Nyumba Yuko Ubelgiji: Sharti la Kukabidhi Katika Ijara

Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa darasani alinionyesha tangazo kwenye simu. Nyumba ya vyumba viwili karibu na ziwa, hapa Gisenyi, ina vyombo vyote, kodi faranga 40,000 kwa mwezi. Mimi nalipa 30,000 kwa chumba kimoja Majengo. Mwenye nyumba aliandika kwamba yuko Ubelgiji kikazi na waombaji ni wengi. Itumwe kwanza amana ya miezi miwili, faranga 80,000, kisha ufunguo utaletwa. Asipoipenda nyumba, atarudishiwa pesa.

Wiki hiyo tulikuwa tunasoma mlango wa ijara, basi tukalipima tangazo kwa masharti yake. Anachouza mkodishaji ni manufaa ya nyumba, si nyumba yenyewe. Kwa hiyo ni lazima awe anayamiliki manufaa hayo, au awe wakili wa mmiliki, na aweze kuyakabidhi.

Kuwa mbali peke yake si kasoro. Umar bin al-Khattab (r.a.) akiwa Madina alinunuliwa nyumba Makka ili iwe jela. Aliyemnunulia ni gavana wake, Nafii bin Abdul-Harith, na muuzaji ni Safwan bin Umayya. Wanachuoni wa Kihanbali hutumia kisa hiki kuruhusu arbuni, yaani malipo ya kutangulia. Walio wengi huikataa. Lakini tazameni: aliyekuwa mbali ni mnunuzi, wakili wake alijulikana, na nyumba na mwenyewe vilikuwa palepale. Katika tangazo letu hakukuwa na wakili wala mlango wa kubisha.

Tukamwomba namba ya kiwanja, UPI, ambayo kila ardhi iliyosajiliwa Rwanda inayo. Akasema hati iko kwa mwanasheria. Hata angeituma isingetosha, maana picha ya hati hunakiliwa. Inataja mmiliki, haithibitishi kwamba anayeandika ndiye. Ndiyo maana lazima pia kumuuliza mkuu wa mudugudu, anayejua nyumba ni ya nani na nani anakaa ndani. Huyu bwana hakutaka kutaja mudugudu.

Mwisho tuliingiza namba aliyotupa kwenye *182#, tukasoma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likatokea jina la mwanamke. Akajibu, "Huyo ni dada yangu." Nikamwandikia: kama dada yuko hapa kupokea pesa, basi yuko hapa kufungua mlango. Tutamlipa akiwa ndani ya nyumba. Hakujibu tena.

Ile ahadi ya kurudishiwa ndiyo iliyokuwa karibu kumnasa ndugu yetu. Pesa ikishapokelewa hutolewa kwa wakala dakika hiyohiyo, na mdaiwa hana jina wala anwani. Aliyekwisha tuma apige simu mara moja kwa kampuni ya simu, kisha aende RIB na ujumbe wote bila kufuta hata mmoja.

Sasa anakaa Mbugangari, chumba cha 35,000. Dalali alifungua mlango kwanza, mama mwenye nyumba akaja, ndipo pesa ikatoka.