Maji ya beto: mchanga uliolowa umekuja na maji yake

Katika somo hili tunaongea juu ya maji tu. Simenti kila mtu anaihesabu, sababu inanunuliwa kwa mfuko na bei yake inauma. Maji yanatoka mtoni bure, na njo maana hakuna anayeyahesabu. Lakini kwa basini la kuchachusha kahawa, maji yaliyozidi ndiyo yanaharibu kazi kuliko kitu kingine. Kahawa ikichacha inatoa maji makali, yenye asidi. Maji hayo yanakula beto, na beto yenye vitundu vingi inaliwa haraka. Baada ya misimu michache unaona kokoto zimejitokeza ukutani, basini linavuja, na uchafu wa kahawa ya jana unajificha ndani ya mashimo na kuharibu kahawa ya leo.

Vile vitundu vinatoka wapi? Simenti haikauki kama nguo. Inashika na maji na kuwa jiwe. Lakini mfuko wa kilo 50 unahitaji maji ya litri 12 hivi tu ili kushika. Mengine tunayatia ili beto ilainike, iweze kumiminwa na kusukumwa kwenye pembe. Yale ya zaidi hayageuki jiwe. Yanabaki katikati, halafu yanatoka polepole, na pale yalipokuwa panabaki wazi. Kwa hiyo tunapima maji kwa kuyalinganisha na simenti, si na mchanga wala kokoto. Uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa simenti unatoa namba moja, na kwa basini la maji namba nzuri ni 0,5. Litri moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi:

maji = 0,5 × 50 = litri 25 kwa mfuko mmoja

Mafundi wetu wengi wanajua doze ya 350, maana yake kilo 350 za simenti kwa meta kibu moja ya beto. Kwa mfuko mmoja inakuwa burueti moja ya mchanga na burueti mbili za kokoto (wengine wanasema garavie), burueti ya litri 60 iliyosawazishwa juu kwa ubao, bila mlima. Kama hamjui burueti yenu inabeba kiasi gani, mimineni ndani yake maji kwa ndoo ya litri 20. Ikijaa kwa ndoo tatu, ni ya litri 60.

Sasa shida. Hiyo burueti moja ya mchanga ni ya mchanga mkavu. Kwetu Kivu, kutoka mwezi wa tisa mpaka wa tano, mchanga mkavu uko wapi? Unatoka mtoni umelowa, unanyeshewa palepale kwenye lundo. Mchanga huo unaleta makosa mawili pamoja: unabeba maji ambayo hakuna aliyeyahesabu, na unavimba. Tuanze na maji.

Chukua mchanga sehemu tano au sita za lundo, usichukue wa juu kabisa uliopigwa na jua, wala wa chini unaokaa ndani ya maji. Changanya, pima gramu 1000 kwenye mizani ndogo ya duka. Tia ndani ya sufuria pana juu ya mbabula yenye makala, koroga polepole. Utaona mvuke, halafu mchanga unaanza kubadilika rangi na kuachana. Ili kujua kama umekauka kweli, shikilia kioo baridi au kifuniko baridi juu yake: kikipata ukungu, bado. Kisipopata, epua, acha upoe, pima tena. Tuseme mizani inaonyesha gramu 945. Gramu 55 zilizopotea ni maji. Maana yake kila kilo 100 za mchanga huo uliolowa zina maji litri 5 na nusu.

(Katika vitabu vya mafundi mtakuta wanagawanya kwa uzito wa mchanga mkavu, wanapata 5,8 kwa mia. Si kosa. Lakini sisi kwenye shantie tunapima mchanga ukiwa umelowa, kwa hiyo ni afadhali kuhesabu kwa uzito huo huo. Tu msichanganye njia mbili.)

Kama hamna mizani ndogo, balansi ya kupimia kahawa inaweza kusaidia, ikiwa ni ile ya namba inayoonyesha kila gramu 50. Basi kaangeni kilo 10, si kilo moja. Mchanga uleule utapoteza gramu 550. Ile balansi ya mshale yenye mistari ya kilo nzima haifai kwa kipimo hiki, tuitunze kwa ndoo nzito.

Kosa la pili watu wengi hawaliamini mpaka walione. Mchanga uliolowa kidogo hauketi vizuri. Maji yanashikanisha punje na kuziacha na nafasi katikati, kwa hiyo unajaza burueti haraka lakini mchanga wenyewe ni kidogo. Ukilowa kabisa kabisa, nafasi zinakwisha na unarudi kimo chake. Hapo ndipo tunapata njia ya kuupima. Tafuta kopo lenye kuta zilizosimama wima. Mimina mchanga uliolowa bila kushindilia, usawazishe, pima kimo: tuseme sentimeta 20. Utoe wote pembeni, jaza kopo maji mpaka nusu, rudisha mchanga polepole huku ukichokoachokoa kwa fimbo. Ukitulia chini ya maji, pima tena. Ukisoma sentimeta 16, ujue kwamba sentimeta 4 zilikuwa ni uvimbe. Nne juu ya 16 ni robo. Basi pahali pa burueti moja mtatia burueti moja na robo, yaani litri 75, au ndoo tatu na robo tatu.

Wenye haraka wanaruka kipimo hiki wanasema mchanga ni mchanga. Beto yao inakuwa na kokoto nyingi na mchanga pungufu. Ukutoa mbao unakuta mashimo kama sega la nyuki, na kwa basini hayo ndiyo mavujo.

Sasa tufanye hesabu yote kwa mfuko mmoja. Tuseme ni koperative ya upande wa Kalehe, inamimina ukuta wa basini asubuhi baada ya mvua ya usiku. Wanapima ndoo ya litri 20 ya mchanga uliolowa kwenye balansi ya kahawa, wanatoa uzito wa ndoo, wanabaki na kilo 25. Ndoo tatu na robo tatu ni kilo 94 hivi. Kila kilo 100 zina litri 5,5. Kwa kilo 94 inakuwa:

94 × 0,055 = litri 5 na kidogo

Maji ya kutia = 25 − 5 = litri 20

Bidoni moja ya njano iliyojaa, basi. Kama wangetia litri 25 kwa mazoea, beto ingekuwa na litri 30 kwa kilo 50 za simenti, namba 0,60. Nguvu yake ingeshuka karibu sehemu moja kwa tano, na vitundu vingeongezeka, wakati simenti iliyolipwa ni ileile.

Kuna kitu kidogo cha kuongeza. Punje za mchanga na kokoto zenyewe zinameza maji kidogo, na maji yaliyomezwa hayaharibu beto. Kokoto ngumu zikiwa kavu kwenye jua zinaweza kunywa litri moja hivi kwa mfuko. Kwa hiyo fundi atie litri 19 kwanza, achanganye vizuri, halafu litri ya mwisho aitie kidogo kidogo akiangalia. Kokoto zikiwa kavu kabisa, anaruhusiwa litri moja zaidi. Lakini hesabu hii haifai kwa mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yale ya Goma na kando ya Nyiragongo. Yanakunywa sana na hayakunywi sawa. Kama hamna mengine, yalowesheni tangu jana yake, yachuruzike, ndipo muyatumie.

Kwenye shantie ugumu unakuja saa nne, jua likianza kuwaka. Wenye mabeleshi wanachoka, mmoja anapiga kelele: “Papa fundi, hii beto iko nguvu sana, ongeza maji!” Na kopo linamwagwa bila mtu kuhesabu. Afadhali mkubaliane mapema: kila litri ya maji ya zaidi iende pamoja na kilo mbili za simenti. Hapo namba inabaki 0,5 na beto inalainika. Mama mweka hazina akisikia simenti inaongezwa, atauliza mwenyewe kama maji yale yanahitajika kweli. Mara nyingi beto haikosi maji, imekosa kuchanganywa: geuzeni mara mbili ikiwa kavu, mara mbili ikiwa na maji, ndipo muhukumu.

Ikizidi maji inaonekana. Maji meupe ya simenti yanapanda juu na kusimama, kokoto zinazama, na ukikusanya beto kwa beleshi, lundo linatambaa lenyewe. Siku za mbele, uso ukisuguliwa kwa kiganja unaacha vumbi. Beto ya 0,5 inasimama kwenye lundo, inang'aa kidogo ukiipiga kwa mgongo wa beleshi, na inajaza pembe ukiichokoa kwa chuma.

Kipimo cha sufuria cha asubuhi hakidumu siku nzima. Mvua ikinyesha au loli ikileta mchanga mwingine, kaangeni tena. Katikati ya hapo mkono unaweza kusaidia. Finya mchanga: ukimwagika wote ni karibu mkavu, ukishika umbo na kiganja kikabaki na unyevu kidogo tu, ni kama ule wetu wa litri 5, kiganja kikilowa na kung'aa, maji yamepita hapo na hesabu ya asubuhi haifai tena. Funikeni lundo kwa shiti kuanzia jioni na liweke mahali penye mteremko, maji yapate kutoka chini. Mchanga uliofunikwa unabaki sawa kutoka mfuko wa kwanza mpaka wa mwisho, na fundi hahitaji kubadilisha alama ya maji aliyoichora kwa msumari ubavuni mwa ndoo.