Ujumbe kwa mbunifu wa bafu dogo

Swali: Mbunifu wa mapambo ya ndani aandikiwe nini kuhusu bafu la fleti ndogo?

Jibu: Vipimo hutangulia, kwani ndivyo vinavyoamua vifaa. Katika bafu la mita 1.5 kwa 2, kinachosahaulika zaidi ni umbali kutoka ukuta wenye vigae hadi katikati ya tundu la choo: choo kilichotengenezewa sentimita 30 hakikai penye 20 bila kuvunja sakafu. Kisha hutajwa sinki la kufungwa ukutani, mabomba ya kromu na vigae visivyoteleza. Vinavyong'aa vibaki ukutani. Bajeti itamkwe wazi: tuseme shilingi milioni 4, ufundi ukiwemo, na laki 4 kati yake zisiguswe mapema, maana mabomba mabovu huonekana vigae vikishang'olewa.