Mstari wa Maisha: Mafunzo Niliyopata

1. Alama ni ya moyo wako. Nilipotaka kuijua dhamira yangu, nilitandaza karatasi ya manila mezani, nikapiga mstari katikati toka kushoto hadi kulia, nikaugawa kwa miaka mitano mitano ya umri wangu. Raha nikazipa alama +1 hadi +5 juu ya mstari, na machungu -1 hadi -5 chini yake. Kila tukio nililipima kwa nilivyojisikia wakati ule. Nilipopandishwa cheo benki, nyumbani walichinja mbuzi. Kwenye mstari wangu cheo kile kilipata -2.

2. Chini ya kila nukta andika ulichokuwa ukifanya na nani alikutegemea. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Nilikuwa na vilele vitatu: nikiwa darasa la sita, kupanga upya kabati la vitabu la shule, nikiwa kijana, kunyoosha daftari la kikoba cha mama mdogo na wenzake, wamenizunguka mkekani, kila mmoja akitaja hisa zake, na baadaye, kusimamia michango ya msiba wa babu. Matukio hayafanani, lakini kitendo ni kilekile: kupanga kilichovurugika.

3. Jibu hilo lipitishe kwenye mabonde kabla ya kuliamini. Benki pia nilikuwa napanga hesabu, tena kutwa nzima, na bado nilikuwa chini ya mstari. Nikalinganisha kile cheo na daftari la kikoba, nikaona kilichokosekana: wenye fedha sikuwaona, ni ripoti za matawi tu zilizopita mezani. Kwa hiyo dhamira yangu ni kupanga kilichovurugika mbele ya wenyewe. Ningesoma vilele pekee, ningetafuta kazi nyingine ya uhasibu wa ofisini.

4. Chora mstari tena baada ya wiki kadhaa, bila kutazama wa kwanza. Mtu mwenye huzuni hukumbuka huzuni. Mwaka niliokaa bila kazi mara ya kwanza ulipata -5, mara ya pili ukapanda hadi -2. Kinachojirudia katika michoro yote miwili ndicho cha kushika.

5. Jeraha zito lisichimbwe ukiwa peke yako. Katika tiba ya simulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, ambayo Neuner na wenzake waliijaribu kwa wakimbizi wa Sudan huko Imvepi, Uganda, mstari huwa ni kamba sakafuni, maua kwa mema na mawe kwa mabaya, na mtaalamu yupo pembeni.

6. Mstari huonyesha aina ya kazi, mshahara hausemi. Nilianza kwa kufundisha vikoba utunzaji wa daftari siku za Jumamosi, nikiwa bado benki, na ndipo nilipopata uhakika. Leo hiyo ndiyo kazi yangu, na kipato chake ni kidogo kuliko cha benki. Nawe ukishaiona dhamira yako, ijaribu kwanza kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.